Mbegu Zimegoma Kuota: Barua ya Kumwandikia Mwenye Duka la Pembejeo

Mahindi yaliyopandwa kwenye udongo wenye unyevu na joto la kawaida huchomoza kati ya siku ya tano na ya kumi. Siku hizo zikipita na shamba bado jeupe, mkulima hurudi dukani na hasira, mwenye duka hujibu kwamba umepanda vibaya au mvua ilikuwa haba, na mjadala unaishia hapo. Barua ndiyo inayoweza kuuvusha, lakini iwe barua inayobeba mambo ambayo mtu mwingine anaweza kuja kuyahakiki.

Kwa hiyo kazi inaanzia shambani, kwa jembe. Fukua mashimo yasiyoota utazame kilichomo. Punje ngumu, kavu, kama ilivyotoka kwenye pakiti, inasema udongo haukuwa na maji. Shimo tupu ni la panya au ndege. Mche uliojikunja chini ya ardhi ulizikwa kina kirefu mno, au udongo wa juu uligandamana. Lakini punje iliyonyonya maji ikavimba, ukiibonyeza inapondeka na kunuka, bila mzizi wowote, inaelekeza kidole kwenye mbegu yenyewe, mradi maji hayakutuama hapo na mbolea haikuigusa.

Tuseme mkulima wa Mbozi, mkoani Songwe, alinunua pakiti 8 za kilo 2 kwa ekari 2, akapanda 7, moja ikabaki na lakiri yake. Hiyo isifunguliwe. Ndiyo itakayopelekwa maabara, kwa kuwa hakuna atakayesema imechezewa. Punje chache zilizosalia katika pakiti iliyofunguliwa zinatosha kwa jaribio la nyumbani: hesabu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uhesabu zilizoota siku ya saba. Barua yake ingekuwa hivi:

*Ndugu Meneja,*

*YAH: MBEGU ZA MAHINDI KUTOOTA, MAOMBI YA KUREJESHEWA FEDHA NA KUTATHMINIWA HASARA*

*Tarehe 28 Novemba nilinunua dukani kwako pakiti 8 kwa shilingi 112,000. Nakala ya risiti na picha ya lebo inayoonyesha namba ya loti na tarehe ya kupimwa nimeziambatisha. Lebo inaahidi uotaji wa asilimia 90.*

*Nilipanda tarehe 2 Desemba, punje moja kila shimo, kina cha sentimita 5, mbolea ikiwa pembeni ya mbegu. Tarehe 14 nilihesabu mashimo 500 katika sehemu tano za shamba, nikakuta miche 150. Nilifukua mashimo 50 yasiyoota: 41 yalikuwa na punje zilizooza bila mzizi, 6 yalikuwa matupu, 3 yalikuwa na miche iliyojikunja. Shamba la jirani, lililopandwa siku hiyo hiyo kwa mbegu nyingine, lina miche 91 kwa kila mashimo 100.*

*Naomba nirejeshewe shilingi 112,000 za mbegu na shilingi 60,000 za vibarua wa kupanda. Naomba pia mje shambani pamoja na afisa ugani kabla ya tarehe 20, kwani baada ya hapo nitarudia kupanda. Mistari minne nitaiacha kama ilivyo.*

*Nakala: Ofisa Kilimo wa Wilaya, TOSCI.*

Angalia ile mistari minne. Mvua haimsubiri mkaguzi, na kumwambia mkulima asirudie kupanda ni kumwongezea hasara. Lakini akiligeuza shamba lote, ushahidi unakwisha. Mistari michache iliyoachwa inamaliza utata huo.

Angalia pia kwamba hakudai magunia ya mahindi. Mwezi Desemba hakuna ajuaye amepoteza mavuno kiasi gani, na anayetaja magunia 40 kwa kukisia anaidhoofisha hata hoja ya risiti. Hasara ya kuchelewa hupimwa wakati wa kuvuna, kwa kulinganisha shamba lililorudiwa na lile la jirani. Mbolea nayo ni vigumu kuidai yote: fosforasi ya DAP hubaki udongoni na zao la pili huitumia, ingawa sehemu ya naitrojeni huweza kuchukuliwa na mvua.

TOSCI, taasisi ya udhibiti wa ubora wa mbegu yenye makao makuu Morogoro, ndiyo yenye wakaguzi na maabara. Namba ya loti huwawezesha kutafuta mbegu zile zile katika maduka mengine. Zikiota vizuri kwingine na kushindwa kwa muuzaji mmoja, mashaka yanahamia kwenye ghala lake, labda joto la bati au unyevu wa sakafu. Zikishindwa kote, kampuni ndiyo inayopaswa kujibu. Mwenye duka mwaminifu hana sababu ya kuiogopa barua hii, kwani naye anaihitaji ili amdai aliyemletea mzigo.

Anayenunua mbegu za kupimiwa kwa kopo hana lebo wala loti, na dai lake karibu limekufa kabla hajapanda. Msimu ujao nunua pakiti iliyofungwa, dai risiti, na uhifadhi pakiti tupu mpaka uone shamba limeota.