Siku 30 za supamaketi huanza lini?

Mnunuzi wa supamaketi akikuambia, "Sisi hulipa siku 30," usianze kumbembeleza akupunguzie siku. Muulize kwanza: zinahesabiwa tangu lini, na malipo hutoka tarehe zipi?

Tuchukue mfano wa mama wa Thika anayesaga siagi ya karanga. Kila wiki anapeleka chupa 100. Kila moja inamgharimu shilingi 200, naye anaiuza kwa 280. Akiba yake yote ni shilingi 120,000, yaani mizigo sita.

Mzigo wa kwanza unapokelewa Juni 2. Mkataba unasema siku 30 "kuanzia mwisho wa mwezi wa ankara", kwa hiyo hesabu inaanza Juni 30 na kuishia Julai 30. Duka nalo hulipa mara moja kwa mwezi, tarehe 15. Pesa za Juni 2 zitaingia Agosti 15, baada ya siku 74. Kufikia hapo anatakiwa awe amepeleka mizigo 11 ya shilingi 220,000, lakini akiba inakauka baada ya mzigo wa Julai 7. Julai 14 hana pesa ya karanga, rafu inabaki wazi, na mnunuzi anaanza kumwona mtu asiyetegemeka. Biashara inakufa huku kila chupa ikileta faida!

Siku hizo hizo 30 zikihesabiwa tangu tarehe ya hati ya kupokelea mzigo, na malipo yakitoka kila wiki, atakuwa amepeleka mizigo mitano kabla ya pesa ya kwanza kuingia. Wiki moja ya kuchelewa ataivumilia; ya pili itamkwamisha.

Mnunuzi mara nyingi hana mamlaka juu ya tarehe za malipo. Hizo ni za idara ya fedha. Kwa hiyo mpe kitu cha kupeleka huko: punguzo la asilimia 2 kwa ankara itakayolipwa kwa wakati. Kwa mzigo wa shilingi 28,000 ni shilingi 560, kutoka kwenye faida ya 8,000. Wakikataa kabisa, punguza mzigo. Chupa 50 kwa wiki, katika matawi machache, zitamdai shilingi 110,000 hadi Agosti 15, na akiba itatosha. Mimi ningechagua hivyo kuliko kukopa ili nijaze matawi yote.

Makubaliano yaandikwe, pamoja na kila makato: punguzo la mauzo, ada ya matangazo, bidhaa zinazorudishwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ushindani inamzuia mnunuzi mwenye nguvu kuchelewesha malipo bila sababu ya msingi, kinyume cha masharti yaliyokubaliwa. Pasipo maandishi, kuyathibitisha masharti hayo ni kazi ngumu. Na kabla dereva hajaondoka, ahakikishe hati imepigwa muhuri, ina tarehe, na idadi yake inalingana na oda pamoja na ankara. Ikitofautiana hata kwa chupa mbili, ankara huwekwa kando, na tarehe 15 inaweza kupita bila malipo.