Kapasita ya volti 450 kwenye taa ya volti 230

Fungua fitingi ya zamani ya tyubu mbili, zile taa za futi nne zilizojaa madarasani na kwenye korido za hospitali. Ndani utakuta choki mbili nzito, stata mbili, na mara nyingi kapasita moja yenye umbo la kopo. Fuatilia waya wake kwa makini. Ikiwa imeungwa mfululizo na choki ya tyubu moja, yaani mkondo wote wa tyubu hiyo unapita ndani yake, soma maandishi ya ubavuni. Kwa tyubu ya wati 36, yatakuwa karibu na haya: 3.4 µF, 450 V.

Umeme unaoingia kwenye fitingi hiyo ni volti 230. Mtu akiyaona maandishi hayo hudhani kiwanda kimeongeza tu kwa ajili ya usalama. Wengine hukumbuka kwamba volti 230 za mkondo geu hufika kilele cha 325 katika kila wimbi, wakaona fumbo limekwisha. Halijaisha. Volti 450 zilizoandikwa pale ni za mkondo geu pia, zinahesabiwa kwa namna ileile ya 230 za ukutani. Tena kapasita ya fitingi nyingine, ile inayoungwa sambamba kati ya laini na nyutro, huandikwa volti 250 tu na inafanya kazi miaka mingi bila shida. Kinacholeta tofauti ni mahali ilipoungwa. Kapasita iliyo mfululizo na choki hubeba karibu volti 400 kila siku taa inapowaka, na volti hizo ni halisi: mita inazisoma, na zinaweza kumuua mtu.

Zinatoka wapi, ikiwa ukutani hazipo?

Tuanze na mkondo. Vifaa vikiungwa mfululizo, mkondo unaopita kwenye kimoja ndio unaopita kwenye vyote, kwa wakati uleule. Tyubu ya wati 36 hutumia karibu ampea 0.43. Kapasita ya maikrofaradi 3.4, kwa umeme unaogeuka mara 50 kwa sekunde, huuzuia mkondo kwa kiasi cha omu 936 hivi. Zidisha 936 kwa 0.43, unapata volti 402. Hesabu ni hiyo tu, wala haiulizi ukutani kuna ngapi. Ukifanya hivyo kwa choki, ambayo kizuizi chake tunaweza kukikadiria kuwa omu 465, utapata volti 200. Tyubu yenyewe pamoja na ukinzani wa nyaya za choki huchukua volti 108 hivi. Jumlisha zote: 402, 200, 108. Ni zaidi ya 700, na ukutani ni 230.

Kosa liko kwenye kujumlisha. Volti hizi hazisukumi upande mmoja kwa wakati mmoja, na hapa inafaa tusimame kidogo.

Choki ni koili, na koili hupinga mabadiliko ya mkondo. Mkondo ukiwa kileleni, kwa nukta ile haubadiliki, na koili haidai kitu. Mkondo ukiwa unapita kwenye sifuri kwenda upande wa pili, hapo ndipo unapobadilika kwa kasi kuliko wakati wowote, na hapo ndipo volti za koili zinapokuwa kubwa kabisa. Kapasita nayo hujazwa na mkondo. Mkondo ukiendelea kuingia, chaji inazidi kupanda. Inafikia kilele pale tu mkondo unapokoma, yaani unapofika sifuri. Kwa hiyo vifaa hivi viwili hufikia volti zao za juu kwa nukta ileile, mkondo ukiwa sifuri.

Lakini vinavuta pande tofauti. Nukta ile mkondo umekwisha kwenda mbele na unataka kurudi. Kapasita imejaa, inausukuma urudi. Koili, isiyopenda mabadiliko, inausukuma uendelee mbele. Kimoja kikiwa na volti nyingi kwenda huku, kingine kina volti zake kwenda kule, na hali hii hudumu katika wimbi zima, si kwenye kilele peke yake. Ndiyo maana kati ya 402 na 200 tunatoa, hatujumlishi. Zinabaki 202. Hizi zinapishana na volti za tyubu kwa robo ya mzunguko, hivyo tunaziunganisha kwa kanuni ya pembetatu mraba: mraba wa 202 na mraba wa 108, halafu kipeuo. Jibu ni karibu 229. Ukuta umepata volti zake. (Tyubu halisi huharibu umbo la wimbi, kwa hiyo mita yako itatofautiana kidogo na hesabu hii, lakini picha haibadiliki.)

Waliobuni fitingi hiyo hawakubahatisha namba. Kizuizi cha kapasita kimewekwa kiwe takribani mara mbili ya kile cha choki. Ukitoa, kinabaki kiasi kinacholingana na choki peke yake, na ndiyo maana tyubu zote mbili hupata mkondo uleule, ingawa moja ina kapasita na nyingine haina. Tofauti ni kwamba mkondo wa moja huchelewa nyuma ya volti za ukutani na wa nyingine hutangulia. Kwenye waya mkuu, kuchelewa na kutangulia huko hufutana kwa sehemu kubwa, na zile tyubu mbili haziwi hafifu kwa pamoja, hivyo kucheza kwa mwanga kunapungua.

Sasa fikiria kapasita ikiongezwa ukubwa hadi kizuizi chake kilingane kabisa na cha choki. Kwa mfano wetu ni karibu maikrofaradi 6.8. Vizuizi viwili vinafutana vyote, na kinachobaki kuuzuia mkondo ni ukinzani wa kawaida tu. Hali hii ndiyo rezonansi ya mfululizo. Kwenye tyubu ni hatari, kwa sababu tyubu haiwezi kujizuia yenyewe, inaitegemea choki. Mkondo ungepanda hadi chuma cha choki kishibe sumaku na kushindwa kufuata, na kabla ya hapo huenda choki au tyubu imekwisha kuungua.

Iangalie bila tyubu, kwenye meza ya karakana, kwa transfoma ndogo ya volti 12. Choki ileile, kapasita za mkondo geu zinazofikia maikrofaradi 6.8, vyote mfululizo, na tuseme ukinzani wote wa mzunguko ni omu 50. Vizuizi vimefutana, kwa hiyo mkondo ni 12 kugawa kwa 50, yaani ampea 0.24. Pima kapasita: 0.24 mara 465, karibu volti 112. Pima choki: 112 na kidogo zaidi, kwa ajili ya ukinzani wa nyaya zake. Weka sasa ncha za mita kwenye miisho miwili ya vyote kwa pamoja: volti 12. Kwa jicho langu hakuna kipimo kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko hicho, mita moja, nyaya zilezile, 112, 112, kisha 12.

Anayefanya jaribio hili akumbuke mambo mawili. Volti 12 za transfoma zisimfanye ashike waya wa katikati, kwa kuwa hapo ndipo zilipo 112. Na kapasita ya aina yenye chanya na hasi haifai hapa, hupasuka.

Je, nishati imetoka hewani? Hapana. Transfoma inatoa volti 12 kwa ampea 0.24, chini kidogo ya wati 3, na wati zote hizo zinaishia kuwa joto kwenye ukinzani. Kile kinachoonekana kikubwa kwenye kapasita ni nishati inayokwenda na kurudi: kapasita inajitupia kwenye koili, koili inarudisha kwa kapasita, mara mia kwa sekunde. Chanzo kinaongeza kidogo tu katika kila mzunguko, lakini kinaongeza kwa wakati unaofaa, kama watu wanaosukuma gari lililonasa matopeni kwa kulifuata linavyoyumba mbele na nyuma, mpaka linayumba mbali kuliko msukumo wowote mmoja ungeweza kulifikisha. Kwa hiyo volti 112 hazipo mara tu swichi inapowashwa. Zinapanda katika mizunguko kadhaa ya kwanza.

Zinapoacha kupanda pia kuna sababu. Mkondo ukiongezeka maradufu, nishati inayoingizwa na chanzo huongezeka maradufu, lakini joto linalopotea kwenye ukinzani huongezeka mara nne. Lazima ifike mahali vilingane, na hapa vinalingana kwenye ampea 0.24. Punguza ukinzani uwe omu 25, na kapasita itafikia volti 224 kutoka kwenye 12 zilezile. Ukinzani, ambao kwa kawaida tunauona kama hasara, ndio ulinzi pekee katika mzunguko huu.

Turudi kwa fundi mwenye fitingi mbovu mkononi. Akiweka kapasita ya volti 250 mahali pa ile ya 450, taa itawaka vizuri siku hiyo. Kapasita itapata moto, itavimba, na mwisho itakatika au itajifunga ndani. Ikikatika, tyubu hiyo haiwaki tena. Ikijifunga, tyubu inaendelea kuwaka kama kawaida, kwa kuwa choki imebaki peke yake na mkondo ni uleule. Hitilafu hiyo haionekani kwa macho. Inaonekana kwa klampu mita kwenye waya mkuu, ambayo itasoma mkondo mkubwa kuliko mwanzo, kwa sababu ule unaotangulia umetoweka. Kapasita iliyochoka ikapungua ukubwa huonyesha dalili nyingine: kizuizi chake kimeongezeka, mkondo umeshuka, na tyubu moja inafifia ilhali mwenzake ni mzima.

Kuna watu wanaoitafuta rezonansi hii kwa makusudi. Kebo ndefu ya umeme mkubwa inayolazwa ardhini inahitaji kupimwa kabla ya kuwashwa, na kebo hiyo yenyewe ni kapasita: waya wa shaba au alumini katikati, plastiki ya kuhami, kisha ngao ya chuma. Kuipa volti laki moja au zaidi moja kwa moja kungehitaji mtambo mzito mno kwa uwezo unaohitajika. Badala yake wahandisi huleta koili kubwa kwenye lori, huiunga mfululizo na kebo, kisha hubadilisha kasi ya kugeuka kwa umeme, kwa kawaida kati ya mara 20 na 300 kwa sekunde, hadi vizuizi viwili vilingane. Chanzo kinatoa sehemu ndogo tu ya volti zinazohitajika, na kebo inajipandisha yenyewe.

Na kebo ikiwa na kasoro, ikatoboka katikati ya kipimo, kapasita inakuwa imetoweka. Rezonansi inavunjika palepale, koili inabaki peke yake ikiuzuia mkondo, na volti zinaanguka. Tundu linalobaki kwenye plastiki huwa dogo kuliko lile ambalo transfoma ya kawaida ingeliacha, na mafundi wanapolichimbua wanakuta bado kuna kitu cha kuchunguza.