Je, wajua namba ndefu zinaweza kuzidishwa bila kila tarakimu kukutana na kila tarakimu?

Njia ya kuzidisha tuliyofundishwa shule ya msingi ina sharti moja: kila tarakimu ya namba ya juu lazima ikutane na kila tarakimu ya namba ya chini. Namba mbili za tarakimu 4 zinadai hesabu ndogo 16 za tebo. Za tarakimu 8 zinadai 64. Kila urefu unapoongezeka maradufu, kazi inaongezeka mara nne, na mtu anayezidisha kwa kalamu haoni shida kwa sababu hafiki mbali. Kompyuta inayozidisha namba za maelfu ya tarakimu huiona shida hiyo mara moja.

Mwaka 1960 Andrei Kolmogorov, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, aliamini kwamba sharti hilo halikwepeki. Katika semina aliyoiongoza Chuo Kikuu cha Moscow majira ya vuli mwaka huo, alitoa dhana kuwa hakuna njia itakayozidisha kwa kazi ndogo kuliko ile inayokua kwa mraba wa urefu wa namba. Hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye busara: binadamu wamezidisha kwa maelfu ya miaka, na kama ingekuwapo njia fupi, wangekwisha kuigundua.

Ndani ya semina alikuwamo kijana wa miaka 23, Anatoly Karatsuba. Haikupita wiki moja, naye akawa ameipata njia hiyo fupi. Alimweleza Kolmogorov baada ya kikao kilichofuata, na mzee akafadhaika sana, kwa kuwa dhana aliyoiamini ilikuwa imebomoka. Katika kikao kingine Kolmogorov mwenyewe aliwaeleza wanasemina ugunduzi huo, na semina ikafungwa.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana bila kuigusa kwa mkono haiaminiki. Tuchukue 2347 × 5618. Kata kila namba katikati. Ya kwanza inakuwa 23 na 47, yaani mamia 23 na 47 juu yake. Ya pili inakuwa 56 na 18. Tuziite nusu hizo a na b kwa namba ya kwanza, c na d kwa ya pili. Ukizidisha kwa njia ya kawaida unahitaji majibu manne: ac, ambalo litakaa kwenye makumi elfu, ad na bc, ambayo yote mawili yatakaa kwenye mamia, na bd, litakalobaki mwisho. Kuzidisha mara nne kwa nusu-namba ni ile ile kazi ya zamani iliyopangwa upya. Hakuna kilichopungua.

Karatsuba aliona kwamba ad na bc zinakwenda kukaa mahali pamoja. Hakuna atakayeuliza ad peke yake ni ngapi, wala bc peke yake. Kinachotakiwa ni jumla yao tu. Na jumla hiyo inaweza kupatikana kwa kuzidisha mara moja, ukiwa tayari unayo ac na bd:

```
ad + bc = (a + b) × (c + d) − ac − bd
```

Kwa namba zetu, ac ni 23 × 56, yaani 1288. Tena bd ni 47 × 18, yaani 846. Kisha unajumlisha nusu: 23 + 47 ni 70, na 56 + 18 ni 74, na 70 × 74 ni 5180. Ukiondoa 1288 na 846 unabaki na 3046, nayo ndiyo jumla ya kati. Sasa kila jibu lirudi mahali pake: 12,880,000, kisha 304,600, kisha 846. Jumla ni 13,185,446. Umezidisha mara tatu badala ya nne, na umelipa kwa kujumlisha na kutoa mara chache zaidi.

Malipo hayo ni nafuu, na faida yote imesimama hapo. Kujumlisha namba mbili za tarakimu elfu ni kupita mara moja kutoka kulia kwenda kushoto. Kuzidisha namba hizo hizo ni mambo ya milioni. Anayebadilisha uzidishaji mmoja kwa majumlisho kadhaa amefanya biashara nzuri, mradi namba ni ndefu vya kutosha.

Hata hivyo, kuokoa moja kati ya nne si jambo la kumfadhaisha Kolmogorov. Nguvu inakuja pale mbinu inapojirudia ndani yake yenyewe. Ile 23 × 56 nayo ni kuzidisha, basi nayo ikatwe: 2 × 5 ni 10, 3 × 6 ni 18, na jumla za nusu ni 5 × 11, yaani 55. Toa 10 na 18, unabaki na 27. Panga: 1000, 270 na 18, na 1288 imerudi bila kasoro. Ukifanya hivyo kwa zote tatu, hesabu ndogo zinakuwa 9 badala ya 16. Kila tabaka jipya la kukata linaokoa robo ya kile kilichobaki. Namba mbili za tarakimu 1024 zinaweza kukatwa mara kumi mpaka ibaki tarakimu moja moja. Njia ya shule ingedai hesabu ndogo 1,048,576, na hii inadai 59,049, karibu moja ya kumi na nane. Urefu ukiongezeka maradufu, kazi inaongezeka mara tatu tu, na tofauti ya tatu na nne inazidi kupanuka kadiri namba zinavyorefuka.

Ukiangalia vizuri hesabu yetu utaona doa dogo. Tulipofika 5 × 11, ile 11 haikuwa tarakimu moja tena. Kujumlisha nusu mbili kunaweza kuzaa namba iliyozidi urefu wa nusu kwa tarakimu moja, na mwandishi wa programu aliyetenga nafasi ya nusu kamili atapoteza tarakimu hiyo ya kubeba bila onyo lolote. Wengi huikwepa kwa kutoa badala ya kujumlisha: jumla ya kati ni ac + bd ukiondoa (a − b) × (c − d). Kwetu hapa 23 − 47 ni hasi 24, na 56 − 18 ni 38, zikizidishwa ni hasi 912. Ukiiondoa hasi hiyo kwenye 2134 unapata tena 3046. Tofauti ya nusu mbili haizidi kamwe urefu wa nusu. Gharama yake ni kuchunga alama ya hasi.

Kosa linalonipendeza zaidi kulisimulia, kwa jinsi linavyojificha, liko kwenye namba zenye tarakimu witiri. Chukua 123 × 456 na ukate tarakimu moja kutoka kulia: 12 na 3, 45 na 6. Jibu la juu ni 540, la mwisho ni 18, la kati ni 15 × 51 ukiondoa 558, yaani 207. Umekata tarakimu moja, hivyo jibu la juu lisogee nafasi mbili: 54,000, kisha 2,070, kisha 18, jumla 56,088. Lakini mwenye haraka huona namba ni za tarakimu tatu, akalisogeza jibu la juu nafasi tatu, akapata 542,088. Programu yake itafanya kazi vizuri kwa kila namba yenye urefu shufwa ambayo nusu zake nazo hukatika sawasawa, na itadanganya kwa nyingine.

Tena ile njia ya zamani ya kuhakiki kwa kutupa tisa, yaani kujumlisha tarakimu na kuondoa tisa, haitamsaidia. Tarakimu za 56,088 zinajumlika kuwa 27, na za 542,088 nazo ni 27. Kusogeza namba nafasi moja ni kuizidisha kwa kumi, na kumi mbele ya tisa ni sawa na moja, kwa hiyo kipimo hicho ni kipofu kwa kosa lolote la kusogeza. Anayejua hutumia kumi na moja: hujumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu kuanzia kulia. Kwa 123 ni 3 − 2 + 1, yaani 2. Kwa 456 ni 6 − 5 + 4, yaani 5. Jibu sahihi basi libaki na 10. Namba 56,088 inatoa hasi 1, ambayo kwa kumi na moja ndiyo 10. Ile ya uongo inatoa hasi 3, na kosa linakamatwa.

Kuna kikomo kingine, nacho hakitokani na kosa. Kukata, kujumlisha na kupanga upya kunakula muda na nafasi ya kumbukumbu, na kwa namba fupi gharama hizo zinameza faida. Kwa hiyo hakuna programu ya maana inayokata mpaka tarakimu moja. Python huhifadhi namba kubwa kwa vipande vya biti 30, na haianzi mbinu ya Karatsuba mpaka namba zote mbili zizidi vipande 70, takriban tarakimu 632 za kawaida. Namba ya biti 2048, urefu unaotumika sana kwenye funguo za RSA, ina vipande 69. Ikizidishwa na nyingine ya urefu huo ndani ya Python, inazidishwa kwa njia ya shule.

Baada ya Karatsuba njia za kasi zaidi zilifuata: Andrei Toom mwaka 1963 alikata vipande vingi kuliko viwili, na mwaka 1971 Arnold Schönhage na Volker Strassen walikwenda mbali zaidi kwa namba kubwa kupindukia. Makala yenyewe ya kwanza ilitoka mwaka 1962 ikiwa na majina ya Karatsuba na Yuri Ofman. Kolmogorov ndiye aliyeiandaa, na Karatsuba alijua kuwa ameichapisha pale tu alipoletewa nakala.

Python haikuzifuata njia hizo za baadaye katika kuzidisha kwake kwa kawaida. Iliishia kwa Karatsuba. Kwa hiyo mwenye kompyuta anaweza kuipima sheria ya mara tatu nyumbani:

```python
import time
for n in (100_000, 200_000, 400_000):
    x, y = 7**n, 9**n
    t = time.perf_counter()
    z = x * y
    print(n, time.perf_counter() - t)
```

Sekunde zitategemea mashine. Gawanya kila muda kwa ule uliotangulia. Njia ya shule ingetoa nne. Hapa jibu linakaa karibu na tatu.