Kupoza Mwili na Kupumzisha Misuli: Kinachosaidia na Kilicho Mazoea Tu

Moyo wa mkimbiaji anayemaliza mzunguko wa mwisho wa mazoezi makali husukuma lita 20 za damu kwa dakika au zaidi, ilhali wa mtu aliyekaa husukuma kama lita 5. Sehemu kubwa ya damu hiyo huwa miguuni, ambako mishipa imetanuka ili kuilisha misuli. Kila hatua anayopiga, misuli ya mapaja na ya nyuma ya miguu huibana mishipa na kuirudisha damu juu. Akisimama ghafla, msaada huo hukatika papo hapo na mishipa bado iko wazi. Damu hutuama miguuni, shinikizo lake hushuka, na ubongo hupata kidogo. Mwenyewe huona kizunguzungu au kichefuchefu, na wengine huzimia hatua chache baada ya mstari wa kumalizia. Ndiyo maana wasaidizi kwenye marathoni huwahimiza wanaofika waendelee kutembea, na aliyeanguka hulazwa chali na kuinuliwa miguu.

Kuzuia hali hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kupoza mwili, na karibu ndiyo ya pekee iliyothibitika vizuri. Dakika 5 hadi 10 za kukimbia polepole kisha kutembea zinatosha. Aliyemaliza mbio za pole hahitaji hata hizo, kwa kuwa hakufika mbali kiasi cha kuhitaji kurudishwa.

Hata hivyo, makocha wengi hutoa sababu nyingine: kwamba mbio za kupoza huondoa asidi ya laktiki, na kwamba asidi hiyo ikibaki misulini italeta maumivu kesho yake. Nusu ya kwanza ina ukweli. Kukimbia polepole huharakisha kweli kupungua kwa lakteti katika damu. Lakini hata anayekaa tu kwenye nyasi, lakteti yake hurudi karibu na kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi. Tena haikuwa taka ya kuondolewa, kwani moyo na misuli mingine huichoma kama nishati, na ini huigeuza kuwa sukari. Mwaka 2018 watafiti Bas Van Hooren na Jonathan Peake walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu mazoezi mepesi ya kumalizia. Walihitimisha kwamba kwa sehemu kubwa hayapunguzi maumivu wala kuongeza uwezo wa mwanamichezo kesho yake.

Maumivu yenyewe yana asili tofauti. Huanza saa kadhaa baadaye, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, yaani wakati lakteti imekwisha zamani. Chanzo chake ni michubuko midogo sana katika nyuzi za misuli, hasa misuli inapolazimika kujikaza huku inarefushwa. Kukimbia kuteremka mlima hufanya hivyo kuliko kitu kingine. Aliyeshuka bonde refu Jumapili huteseka kwenye ngazi Jumanne, hata kama alipoza mwili kwa nusu saa nzima.

Kunyoosha misuli nako kumepewa sifa kuliko kunavyostahili. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 na Robert Herbert na wenzake yalikuta kwamba kunyoosha baada ya mazoezi hupunguza maumivu ya siku inayofuata kwa wastani wa pointi 1 katika kipimo cha pointi 100. Hakuna mwanamichezo anayeweza kuhisi tofauti hiyo. Anayetaka kulegeza viungo au kuongeza unyumbufu anaweza kuendelea, ila akipata nafasi ndogo kati ya mazoezi mawili, si hapo pa kuitumia.

Pa kuitumia panaonekana vizuri zaidi kwa kufuata siku moja ya mkimbiaji mmoja. Tuseme ni mwanamume wa kilo 60 anayejifua Iten, mji wa Bonde la Ufa nchini Kenya ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, ambako wengi hukimbia mara mbili kwa siku. Ni Jumanne, siku ya spidi. Saa kumi na mbili asubuhi anaanza kupasha mwili moto, kisha anakimbia mita 1,000 mara kumi, akipumzika dakika mbili kila baada ya duru. Saa mbili na nusu amemaliza. Saa kumi jioni anatakiwa barabarani tena. Ana saa saba na nusu.

Kilichopungua zaidi mwilini mwake ni glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli na ini. Misuli huijaza akiba hiyo polepole, kama asilimia 5 kwa saa hata mtu akila vizuri. Kuijaza kabisa iliyokwisha huchukua karibu siku nzima. Kwa hiyo jioni ataondoka na akiba pungufu, afanye atakalo. Anachoweza ni kutopoteza saa za mwanzo, kwa kuwa misuli hupokea sukari kwa kasi zaidi mara tu baada ya mazoezi, na tafiti zimeonyesha kwamba kuchelewesha chakula kwa saa mbili hupunguza kasi ya kujaza. Kipimo kinachopendekezwa, mapumziko yakiwa chini ya saa nane, ni gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito, kila saa, kwa saa nne za kwanza. Kwake ni gramu 60 hadi 70 kwa saa.

Hesabu hiyo haihitaji unga wa kopo wa bei ghali. Vikombe viwili vikubwa vya chai ya maziwa, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, vina wanga wa gramu 40 hivi. Vipande vinne vya mkate vinaongeza 60, na ndizi moja kama 25. Jumla ni gramu 125, zinazotosha saa mbili. Saa sita mchana, ugali wa unga gramu 200 unaleta wanga wa gramu 150, na maharage pamoja na bilauri ya maziwa au mursik vinaleta protini ya kukarabati nyuzi zilizochubuka. Gramu 20 hadi 25 za protini kwa mlo zinatosha. Utafiti wa Vincent Onywera na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulipima chakula cha wakimbiaji wa ngazi ya juu wa Kenya na kukuta wanga ukitoa zaidi ya robo tatu ya nishati yao, sehemu kubwa ikitoka kwenye ugali na sukari. Chai tamu ya baada ya mazoezi, ambayo wageni huiona kama desturi ya ukarimu tu, inafanya kazi kuliko kunyoosha misuli kwa robo saa.

Tahadhari moja ni lazima. Hesabu hii ni ya anayerudi mazoezini siku hiyohiyo. Anayekimbia mara moja kwa siku, au mara tatu kwa wiki, hana haja ya kukimbilia chakula. Akiba yake itajaa kwa milo ya kawaida, na gramu 60 kila saa zitamnenepesha.

Kwa maji, mizani ya kawaida inatosha. Kama kijana huyu alikuwa na kilo 60 kabla na 58.8 baada, amepoteza kama lita 1.2. Anatakiwa kunywa lita 1.5 hadi 1.8, kidogo kidogo hadi mchana, kwa sababu sehemu itatoka kwa mkojo. Chumvi iliyo kwenye chakula husaidia maji kubaki mwilini. Kunywa yote kwa pamoja hujaza tumbo na choo tu.

Baada ya kifungua kinywa hulala. Saa moja hadi mbili mchana, juu ya nane au tisa za usiku, ndilo jambo ambalo kambi za Bonde la Ufa hulizingatia bila mjadala na ambalo mkimbiaji wa mjini mwenye kazi ya ofisini hulikosa. Usingizi mzito ndio wakati mwili hutoa homoni nyingi ya ukuaji na kukarabati tishu, na hakuna kifaa kinachouzwa kinachofidia usiku wa saa tano. Aamke angalau nusu saa kabla ya kutoka, la sivyo ataanza na uzito wa usingizi miguuni.

Jioni ndipo makosa mengi hufanyika. Mbio hizo ni za dakika 40 tu, na mtu mwenye uwezo wa kukimbia kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 12 kwenye marathoni anafaa kwenda kwa dakika 4 na nusu hadi 5. Anayekimbia kwa kasi inayofaa huzungumza sentensi nzima bila kuhema. Lakini makundi ya Iten huanza polepole na mara nyingi humaliza kwa kasi, na kijana aliyetoka tu kijijini haoni vizuri kuachwa. Akiwafuata kwenye kilomita tatu za mwisho, amefanya mazoezi makali ya pili kwa akiba isiyojaa, na kazi ya asubuhi inaharibika.

Maji ya barafu yana mahali pake, lakini ni padogo. Dakika 10 kwenye maji ya nyuzi joto 10 hupunguza hisia ya maumivu, na hilo lina faida kwa timu yenye mechi mbili ndani ya siku tatu. Ila katika utafiti wa Llion Roberts na wenzake wa mwaka 2015, wanaume waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 12 na kuingia maji baridi kila mara baadaye walijenga misuli kidogo kuliko waliomalizia kwa baiskeli nyepesi. Baridi hudhoofisha sehemu ya ishara inayouambia mwili ujijenge. Masaji hupunguza maumivu kiasi na kumtuliza mtu, ingawa hayaondoi lakteti yoyote. Dawa za diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa kwa urahisi kwenye duka la dawa ni jambo jingine kabisa. Kwa mtu aliyepungukiwa maji, zinaweza kuumiza figo, na humfichia jeraha ambalo angelilisikia.

Kujua kama mapumziko yanatosha hakuhitaji saa ya kisasa. Mapigo ya moyo huhesabiwa kwa dakika nzima kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakizidi kawaida yake kwa 5 hadi 10 kwa siku mfululizo, na miguu ikawa mizito, usingizi ukakatika na hamu ya chakula ikapungua, cha kwanza kuondolewa ni mbio za jioni, na cha kwanza kuongezwa ni chakula. Hali isiporekebika ndani ya wiki mbili, kinachofuata ni zahanati, kwa kipimo cha malaria na cha wingi wa damu, kwani upungufu wa madini ya chuma huleta dalili zilezile na haumalizwi na usingizi.