Kumweka mtu ndani ya mchoro: kazi ndogo ya studio inayodai fundi mkubwa

Studio za picha katika mji kama Tukuyu huishi kwa kazi zinazojulikana: picha za pasipoti, harusi, kipaimara, mahafali, na ile picha kubwa ya marehemu inayotangulia jeneza. Pembeni ya hizo ipo kazi nyingine. Mteja analeta picha yake ya simu na mchoro wa rangi anaoupenda, au mchoro wa kitabu cha kale, na anataka aonekane humo kana kwamba mchoraji alimkuta pale pale akamchora.

Programu za simu zinazotumia akili mnemba hufanya jambo hilo kwa dakika chache, tena nyingine bila malipo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye studio ni la kibiashara: mteja amlipe fundi kwa kitu gani? Jibu linapatikana kazi ya programu inapokuzwa na kutundikwa ukutani sebuleni. Hapo ndipo uso unapoonekana umebadilika kidogo, ngozi imepauka na maua ya kitenge si yale ya kitenge cha mama. Kazi isiyo na kasoro hizo tatu ndiyo bidhaa ya fundi.

Ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyeishi kati ya 1932 na 1993, alijulikana kwa picha za kuunganisha, akimtoa mtu kwenye picha moja na kumpandikiza kwenye nyingine kwa kazi ya mikono. Mombasa, wapiga picha wa kivuko cha Likoni waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Lakini katika kazi hizo mteja alibaki kuwa picha, na mandhari ikabaki kuwa mandhari. Anachotaka mteja wa sasa ni kigumu zaidi, kwa sababu mtu mwenyewe lazima ageuke rangi na brashi.

Tuchukue kazi moja tuifuate hadi mwisho. Mchoro ni wa rangi za mafuta, upana sentimita 90 na kimo sentimita 60. Unaonyesha mashamba ya chai ya Katumba, mlima Rungwe ukiwa nyuma, na mbele amesimama mchuma chai mwenye kimo cha sentimita 30. Mteja anataka mama yake, aliyechuma chai miaka mingi, akae mahali pa mtu yule. Ameleta picha ya mama iliyotumwa kwa WhatsApp.

Kwanza fundi anaupiga picha mchoro wenyewe. Rangi ya mafuta inang'aa, hivyo flashi haitumiki. Mchoro unawekwa kivulini penye mwanga wa mchana, na kamera inasimama sambamba nao ili fremu isipinde. Kisha mchuma chai wa awali anafutwa, na pengo lake linajazwa kwa vipande vya chai vilivyonakiliwa kutoka sehemu nyingine ya mchoro uleule. Mipigo ya brashi kwenye viraka hivyo lazima ielekee upande mmoja na ile ya jirani zake. Isipofanya hivyo, mtazamaji ataona kivuli cha mtu aliyeondolewa hata kabla ya kumtazama aliyeingizwa.

Halafu inakuja hesabu ya mwanga. Katika mchoro jua linatoka kushoto, lakini picha ya mama ilipigwa mwanga ukitoka kulia. Njia ya mkato ni kuigeuza picha kama kwenye kioo. Ukifanya hivyo, alama ya shavuni inahamia upande mwingine, mkunjo wa kitenge unageuka, na ndugu wa karibu wanahisi kuna kitu hakiko sawa hata wasipoweza kukitaja. Fundi mzuri anaomba picha nyingine kabla hajaanza, na ombi hilo humwokolea siku nzima ya kazi.

Mwanga ukikubaliana, kinachofuata ni ngazi ya weusi na weupe. Michoro mingi ya mafuta haina weusi kamili. Kilicho kizito kabisa katika mchoro huu ni kijani kilichochanganywa na bluu chini ya vichaka vya chai, na cheupe kabisa ni wingu la rangi ya maziwa. Picha ya simu ina weusi mzito na weupe mkali kuliko hivyo. Ikiingizwa ilivyo, mama ataonekana amebandikwa. Fundi anashusha weupe wa picha na kuinua weusi wake hadi vilingane na vya mchoro, ndipo anapogusa rangi.

Kwenye rangi ndipo kazi nyingi zinapoharibika, hasa kwa watu weusi. Programu ikiambiwa ioanishe rangi za picha na za mchoro, huchukua wastani wa mchoro mzima na kuvuta kila kitu kuelekea wastani huo. Mchoro wetu umejaa ukungu na anga nyeupe, kwa hiyo wastani wake ni mwepesi, na ngozi ya mama inavutwa hadi inakuwa ya kijivu au nyeupe kuliko yeye mwenyewe. Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili. Weusi wa ngozi unabaki kama ulivyopimwa kwenye ngazi, na kinachobadilishwa ni mwelekeo wa rangi tu: kijani kidogo upande wa kivuli kwa sababu chai inarudisha mwanga wake, na joto kidogo upande wa jua. Katika Photoshop fundi anaweka rangi hizo kwenye tabaka lake, akichagua `Color` badala ya `Normal`, ili weusi wa chini usiguswe.

Sasa brashi. Mtu mwenye kimo cha sentimita 30 ana kichwa cha sentimita 4 hivi. Kama mchoraji alitumia brashi ya upana wa nusu sentimita, uso mzima una nafasi ya mipigo minane kutoka utosini hadi kidevuni. Hakuna kope wala vinyweleo vinavyoweza kuingia hapo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kifaa chochote, fundi ajiulize mchoraji angetumia mipigo mingapi kwa uso ule, na asizidishe sana. Shida ni kwamba mteja analipia kutambulika. Wachoraji wenyewe hulitatua hilo kwa kuchukua brashi ndogo kwa ajili ya macho, nyusi na pembe za mdomo, na kuiacha ile kubwa ifanye shavu, shingo na nguo. Fundi wa kompyuta anafanya vivyo hivyo, iwe kwa `Mixer Brush` ya Photoshop au kwa Krita, programu isiyolipiwa. Mipigo ya shavuni inafuata mviringo wa shavu, na ya kitenge inafuata mikunjo yake. Kichujio cha kubonyeza mara moja kinaweka mipigo ya ukubwa mmoja na mwelekeo mmoja kila mahali, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kazi ya haraka.

Udogo huu wa uso una faida yake pia. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa ubora wa kawaida hupunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu. Kama mama amesimama wima akijaza picha, kichwa chake kina pikseli 200 tu. Kwenye sentimita 4, hizo ni kama nukta 127 kwa inchi. Kwa picha ya kawaida hilo ni hafifu, ila kwa mchoro wenye mipigo mipana linatosha. Mteja akitaka uso mkubwa wa sentimita 15, picha hiyohiyo haifai, na aambiwe mapema.

Mwisho ni kingo. Mama hawezi kukatwa kwa mstari mmoja mkali kuanzia kichwa hadi miguu. Upande wa jua ukingo unabaki wazi, upande wa kivuli unayeyukia kwenye chai, na majani machache yanapita mbele ya kiuno chake ili awe ndani ya shamba. Ukaguzi ni rahisi: igeuze kazi iwe nyeusi na nyeupe, kisha ipunguze iwe na ukubwa wa stempu. Kama jicho linamkimbilia mama kuliko lilivyomkimbilia mchuma chai wa awali, ngazi ya weusi bado haijakaa.

Michoro ya vitabu vya kale ina kanuni nyingine. Balozi mdogo wa Uingereza James Frederic Elton alipita nchi hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1877, na kitabu cha safari yake kilitoka London mwaka 1879 kikiwa na michoro. Katika michoro ya kuchongwa ya enzi hizo hakuna kijivu. Kivuli ni mistari mingi iliyokaribiana, na mwanga ni mistari michache au karatasi tupu. Uso wa picha ukiingizwa humo na kijivu chake utajitangaza mara moja. Lazima ugeuzwe kuwa mistari ya unene uleule na nafasi ileile, ikipinda kufuata umbo la uso. Ni kazi ndefu kuliko ya mafuta, na inafaa itozwe zaidi.

Kuchapa nako kuna mitego. Mashine ikichapa kwenye kanvasi, kitambaa chenyewe kinaleta vinyuzi vyake. Vinyuzi vilivyomo kwenye faili viondolewe, la sivyo aina mbili zitagongana na kuleta mawimbi. Kijani kibichi cha chai hupooza kinapotoka kwenye skrini kwenda kwenye wino, hivyo kipande cha majaribio chenye uso na chai kichapwe kabla ya kazi nzima. Tena Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi nchini. Kwa unyevu huo kanvasi hulegea kwenye fremu na ukuta wenye unyevu huleta ukungu nyuma ya picha. Fremu iwe na kabari za kukazia, na itundikwe ikiacha nafasi ya hewa.

Jambo la sheria lisipuuzwe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mchoraji hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Kitabu cha Elton kilitoka mwaka 1879, kwa hiyo michoro yake haina tatizo. Mchoraji aliye hai anayeuza kazi zake leo ni suala jingine: kununua mchoro wake hakumpi mnunuzi ruhusa ya kuugeuza na kuuchapa. Ruhusa iombwe kwa maandishi, na studio inayofanya kazi hizi mara kwa mara ikubaliane naye malipo kwa kila nakala.

Kuhusu bei, studio nyingi zimezoea kutoza kwa ukubwa wa karatasi. Kwa kazi hii hesabu hiyo inamuumiza fundi, kwa kuwa karatasi ni gharama ndogo na uso ndio unaokula saa. Bei ipangwe kwa idadi ya watu wanaoingizwa na aina ya mchoro, kisha uchapaji na fremu viongezwe kando. Malipo ya awali yachukuliwe baada ya kukagua picha aliyoleta mteja, na aonyeshwe kipande cha majaribio kabla ya kuchapa kazi nzima. Nawe mteja, kabla hujamaliza kulipa, weka picha halisi kando ya kazi uliyofanyiwa, ulinganishe ngozi na kitenge. Visipofanana, irudishe.