Mbegu na mbolea: ujumbe wa simu ufike lini, na video ionyeshe nini?

Katika parokia nyingi za Kivu kuna ushirika wa wakulima au duka dogo la pembejeo linalouza mbegu bora na mbolea ya dukani. Maduka hayo sasa yanatangaza kwa simu: ujumbe mfupi wa kumkumbusha mkulima majira ya kupanda, na video fupi inayopita katika vikundi vya WhatsApp. Viongozi wa makanisa huombwa mara nyingi kuyasambaza matangazo hayo. Ni vema basi tujue ni tangazo la namna gani linamsaidia mkulima na lipi linamtia hasara, kwa sababu msimu ukiharibika hakuna wa kuurudisha.

Tutafuata mfano mmoja tu: shamba la mahindi la mita 20 kwa 25, yaani are 5, katika vilima vya Walungu au Kabare, msimu A, ambao upandaji wake huanza mvua zinaporudi mwezi wa Septemba.

Ujumbe uanze wakati pesa ingali nyumbani

Maduka mengi hutuma ujumbe siku mvua inapoanza. Siku hiyo mkulima anataka kupanda, lakini pesa ya mavuno yaliyopita imekwisha kwenda kwenye karo, matibabu na madeni. Hakosi hamu ya mbolea, anakosa franka.

Jambo hili lilichunguzwa Busia, magharibi mwa Kenya, na watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ambao kazi yao ilitolewa mwaka 2011. Wakulima waliopewa nafasi ya kununua mbolea mara tu baada ya mavuno, kwa bei kamili lakini wakipelekewa bure hadi nyumbani, walinunua zaidi. Ongezeko hilo lilikaribia lile lililopatikana kwa kupunguza bei kwa nusu baadaye katika msimu. Wengi walikuwa na nia ya kununua tangu mwanzo. Kilichowapotea kilikuwa wakati.

Kwa hiyo ujumbe wa kwanza uende baada ya mavuno ya msimu B, mwezi wa saba hivi, ukimwomba mkulima aanze kulipa kidogo kidogo dukani na kuandikiwa risiti. Ujumbe wa pili uende mwishoni mwa Agosti, mbegu na mbolea zikiwa zimekwisha kufika dukani. Tusisitize neno hili, zimekwisha kufika, maana lori linaweza kukwama njiani wiki nzima. Mkulima aliyetembea saa mbili akakuta rafu tupu hatausoma ujumbe unaofuata.

Ujumbe wa tatu uende mvua ikishika, na usifuate kalenda. Mvua moja kubwa mwanzoni mwa Septemba humdanganya mtu: anapanda, kisha jua linawaka siku kumi na mbegu inakufa ikiwa imeanza kuota. Afadhali kila kilima kiwe na mtu mmoja wa kuchimba kwa jembe baada ya mvua mbili au tatu nzuri. Akikuta udongo umelowa hadi urefu wa kiganja, anapigia duka, na duka linatuma ujumbe kwa watu wa kilima hicho peke yao. Ujumbe wa nne uende wiki ya nne hadi ya sita baada ya kupanda, mahindi yanapofika magotini, kukumbusha palizi na urea.

Alama 160, na mtego wa herufi moja

SMS moja hubeba alama 160, nafasi zikihesabiwa. Huu hapa mfano wa ujumbe wa pili:

"Mbegu ya mahindi na DAP zimefika duka la ushirika. Shamba 20x25: kilo 1 mbegu, kilo 5 DAP. Bei FC ..... Njoo kabla ya Jumamosi. Panda mvua ikishika."

Una bidhaa, kipimo, bei, siku na onyo, nao haufiki alama 160. Lakini mwandishi akiweka picha ndogo ya kicheko, au herufi ê ya Kifaransa, au ile alama iliyopinda ambayo simu nyingine huweka katika neno kama ng'ombe, mtambo hubadili namna ya kuandika na nafasi hushuka hadi alama 70. Ujumbe uleule unakuwa ujumbe tatu, na duka linalipa mara tatu kwa kila mkulima. Anayetuma ujumbe mia tano auhakiki kwanza kwa kujitumia mwenyewe.

Tukumbuke pia simu iko mfukoni mwa nani. Mara nyingi ni ya baba, na mpandaji ni mama. Duka liandike namba mbili kwa kila nyumba, zote kwa idhini ya wenyewe, na tangazo la mvua lisomwe pia Jumapili pamoja na matangazo mengine, kwa ajili ya wasio na simu. Daftari la namba za waumini lilifanywa kwa kazi ya parokia, lisipewe muuzaji.

Video ionyeshe kipimo, na kisha tofauti

Mkulima anayeogopa mbolea ana sababu. Amewahi kuona mistari ya jirani yenye mapengo, na watu wakasema mbolea imeunguza udongo. Ukichimba kwenye pengo kama hilo mara nyingi utakuta mbegu imeoza au chipukizi limekauka, kwa sababu punje za DAP zilikuwa zimeigusa. DAP ikiyeyuka karibu sana na mbegu hutoa amonia, na amonia huua kinachoota. Kwa hiyo video ya kwanza isianze na gunia wala mahindi makubwa. Ianze na shimo.

Kamera ikae karibu na mikono. Kamba imefungwa mafundo: sentimita 75 kati ya mistari, 50 kati ya mashimo. Shimo lina kina cha sentimita 10 hivi. Kifuniko kimoja cha chupa ya soda, kikiwa kimejaa sawasawa bila kilima juu, kinamwagwa ndani. Kisha udongo wa vidole viwili au vitatu unafunika mbolea, ndipo mbegu mbili zinawekwa, na udongo tena. Hayo yote yanatosha dakika moja na nusu. Msemaji awe mkulima wa hapo, kwa Kiswahili au kwa Mashi, na afanye kila tendo mara mbili.

Hesabu yake inakubali. Are 5 kwa nafasi hizo zina mashimo kama 1,330. Kilo 5 za DAP zikigawanywa humo, kila shimo linapata karibu gramu 4. Vifuniko havilingani, kwa hiyo kabla ya kurekodi, duka lijaze vifuniko 100 na kupima uzito wake. Vikifika gramu 400 hivi, kipimo ni chema. Vikifika 600, kifuniko kisijae, la sivyo mbolea itaisha kabla ya shamba.

Video ya pili ni ya urea, kwa sababu ndiyo inayopotea zaidi. Ikimwagwa juu ya udongo mkavu, sehemu ya nguvu yake hugeuka hewa na kwenda. Ionyeshwe ikiwekwa udongo ukiwa na unyevu, sentimita kama 10 kutoka shina, kisha ikifunikwa kwa jembe.

Video ya tatu ndiyo ya kumshawishi mnunuzi, nayo hutengenezwa msimu mmoja kabla. Shamba la mfano ligawanywe mara mbili: mbegu ileile, siku ileile, palizi ileile, upande mmoja una mbolea na mwingine hauna. Picha zipigwe kutoka mahali palepale, penye kijiti, siku ya kupanda, kwenye magoti, na siku ya kuvuna wakati debe za pande zote mbili zinahesabiwa mbele ya majirani. Mtu akilinganisha mbegu mpya yenye mbolea na mbegu ya zamani isiyopaliliwa, anauza hadithi.

Hapa pana kikomo ambacho muuzaji hapendi kukitaja. Udongo wa volkano wa Rutshuru au Masisi si udongo mwekundu wa Walungu, ambao mara nyingi umechoka na una asidi nyingi. Katika mashamba mengine ya Walungu mbolea ya dukani peke yake huonyesha faida ndogo sana, mpaka kwanza iwekwe samadi ya kutosha au chokaa. Video iliyopigwa Rutshuru ikionyeshwa Walungu inaahidi debe ambazo hazitakuja. Kila aina ya udongo iwe na shamba lake la mfano, na pale mbolea isipoleta tofauti, video iseme hivyo.

Gunia moja, nyumba kumi

Mbolea huja katika magunia ya kilo 50, na shamba letu linahitaji kilo 5 tu za DAP. Maduka mengine hufungua gunia na kuuza kwa kikopo, na hapo mashaka huanza: je, imechanganywa na mchanga, je, imeingia unyevu? Ni afadhali ujumbe wa kwanza uwaalike watu kumi wa kilima kimoja kununua gunia moja. Siku ya kulichukua, wote waone mshono haujakatwa, lifunguliwe mbele yao, na kila mmoja apimiwe kilo 5 kwa mizani. Video ya dakika moja ya siku hiyo hujenga imani kuliko maneno mengi.

Mbegu nazo zijaribiwe kabla ya kutangazwa. Chukua punje 100 kutoka katika mfuko, uzifunge katika kitambaa chenye maji kwa siku saba, kisha uhesabu zilizoota. Zikipungua 85, duka lirudishe mzigo na lisitume ujumbe wowote.

Jinsi ya kujua kama inafaa

Idadi ya watu waliotazama video haisemi mengi. Daftari la duka lina maswali mawili bora. Je, ni wangapi walilipa kabla ya mvua, kulinganisha na msimu uliopita? Na kati ya walionunua DAP, ni wangapi walirudi kuchukua urea? Wakirudi wachache, muuzaji apande kilimani na kutazama mistari. Akiona mapengo, video ya kwanza haikueleweka, na inapaswa kurekodiwa upya kabla ya msimu B, ambao upandaji wake unaanza Februari.