Simu Mkononi, Mguu Uliovunjika

Tuseme dereva wa daladala anasoma ujumbe kwenye simu, anaigonga bodaboda iliyosimama kwenye taa nyekundu. Mguu wa mwendeshaji unavunjika. Wajibu wa uangalifu hauna ubishi: kila dereva anao kwa wenzake barabarani. Ameukiuka pia, kwani dereva makini angetazama mbele.

Kazi ipo kwenye usababishi. Hakimu hujiuliza: bila uzembe huo, madhara yangetokea? Mguu usingevunjika, hivyo dereva anawajibika. Lakini mwendeshaji akidai fidia ya maumivu ya mgongo aliyokuwa nayo tangu mwaka uliopita, dai hilo litaanguka, isipokuwa daktari athibitishe kwamba ajali iliyazidisha.

Ukigongwa, nenda hospitali siku hiyohiyo na utunze vyeti. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mdai.